Zaka, fungu la kumi na michango: kila kimoja na mfuko wake

Mshahara ukiingia tarehe 25, mwenye nyumba si wa kwanza kuudai. Kundi la ukoo kwenye WhatsApp linakusanya mchango wa harusi, jumuiya inakumbusha ahadi ya jengo, msikitini imetangazwa pampu mpya ya kisima, na shangazi kijijini anaumwa. Hakuna ombi la uongo kati ya hayo, na waombaji wote wanafahamika kwa sura. Mwenye mshahara hutoa huku na huku mpaka tarehe 10, kisha anakopa kwenye simu ili watoto wale. Hata baada ya kutoa kiasi hicho moyo hautulii, kwa maana hajui kama alichotoa kimetimiza wajibu wake mbele ya Mungu au bado.

Kutotulia huko hutokana na kuweka mambo matatu katika mfuko mmoja. La kwanza ni wajibu wa dini: zaka kwa Mwislamu, fungu la kumi kwa Mkristo ambaye kanisa lake linalifundisha. La pili ni matunzo na michango, yaani wazazi, ndugu, misiba na harusi. La tatu ni sadaka ya hiari. Wajibu una kiwango chake, muda wake na watu wake, na ukiujua unaweza kuutimiza na kusema umetimia. Michango inahitaji kikomo ambacho familia yenyewe imekiweka. Sadaka hutoka katika kinachobaki. Mtu akivichanganya, anaweza kutoa nusu ya kipato chake na akabaki anadaiwa zaka.

Wakristo wa baadhi ya makanisa nao huita fungu lao zaka. Katika makala haya, zaka ni ile ya Kiislamu.

Zaka hutazama mali iliyokaa

Kosa linalowachosha Waislamu wengi wenye kipato cha kawaida ni kudhani kwamba lazima wakate asilimia 2.5 ya kila mshahara. Wapo wanazuoni wa zama zetu, akiwemo Yusuf al-Qaradawi, walioona kipato kitolewe zaka kinapopokelewa. Lakini kauli iliyozoeleka zaidi ni kwamba zaka ya fedha na ya biashara hutazama mali iliyobaki mkononi na kupitiwa na mwaka mmoja wa Kiislamu, ikiwa imefikia kiwango kiitwacho nisabu. Mshahara ulioisha kwa kodi, chakula na ada hauna zaka, kwa sababu haupo tena.

Nisabu ni gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha, yaani madini yenyewe. Zamani viwango hivi viwili vilikaribiana kwa thamani, ila leo vimeachana sana. Tuchukue kwa mfano kwamba gramu ya fedha ni shilingi 4,000 na ya dhahabu ni shilingi 300,000. Nisabu ya fedha itakuwa shilingi 2,380,000, na ya dhahabu shilingi 25,500,000. Bei hizi hupanda na kushuka, kwa hiyo siku yako ya hesabu ikifika muulize sonara au angalia bei ya soko.

Pengo hilo lina maana kubwa. Familia yenye mali ya shilingi milioni 8 ina wajibu kwa kipimo cha fedha na haina kwa kipimo cha dhahabu. Wanazuoni wengi wa sasa hupendelea kipimo cha fedha kwa sababu kinamfaa zaidi maskini. Wengine hushika dhahabu wakisema thamani yake imetulia zaidi. Muulize sheikh unayemwamini, kisha ushike jibu lake. Kisichofaa ni kubadili kipimo kila mwaka kufuata kile kitakachokupunguzia.

Hesabu ya nyumba moja ya Tanga

Tuseme kuna nyumba mjini Tanga ambayo mume ni mwalimu na mke ana duka la vitenge na kanga. Mshahara wa mume ukijumlishwa na faida ya duka, nyumba hupata kama shilingi 1,400,000 kwa mwezi. Wamechagua tarehe 1 Shaaban kuwa siku yao ya zaka, ili malipo yakamilike kabla ya pilikapilika za Ramadhani. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko wa miladi, hivyo siku hiyo hurudi nyuma kidogo kila mwaka kwenye kalenda ya ukutani. Anayelazimika kufuata mwaka wa miladi huongeza kiwango kidogo, hadi kama asilimia 2.58.

Siku hiyo ikifika, mke anapitia duka bunda kwa bunda. Bidhaa zote anazipigia bei anayoweza kuziuzia leo, wala hatazami bei aliyonunulia, na anapata shilingi 6,200,000. Makabati, cherehani na feni havimo, kwa kuwa ni vya kufanyia kazi na haviuzwi. Fedha iliyopo benki, kwenye simu na ndani ya nyumba ni shilingi 1,150,000. Akiba yao katika kikoba ni 900,000. Wateja waaminifu ambao watalipa bila shaka wanadaiwa 450,000. Wadaiwa waliohama mtaa hawahesabiwi mpaka siku watakapolipa. Jumla ni shilingi 8,700,000.

Upande wa pili, duka linadaiwa shilingi 700,000 na muuzaji wa jumla, na deni limeshafika muda wake. Hapa madhehebu hutofautiana. Kauli mashuhuri ya Shafi, madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani yetu, ni kwamba deni halizuii zaka. Wengine huliondoa kwanza deni lililofika muda. Asilimia 2.5 ya milioni 8.7 ni shilingi 217,500, na deni likiondolewa ni asilimia 2.5 ya milioni 8, yaani shilingi 200,000. Tofauti ni ndogo. Sheikh wao amewaruhusu kuliondoa deni hilo, nao wanashika 200,000.

Kama wangekata asilimia 2.5 ya kila kipato kinachoingia, wangetoa shilingi 35,000 kwa mwezi, sawa na 420,000 kwa miezi 12, zaidi ya maradufu ya wanachodaiwa kwa hesabu ya mali. Atakaye kuzidisha azidishe, na itakuwa sadaka yenye thawabu. Lakini mwezi ambao hawakuweza kutoa hizo 35,000, hawana sababu ya kujiona wamekula haki ya maskini.

Jambo moja la kutaja ni kwamba fedha iliyoingia mwezi mmoja kabla ya Shaaban, kwa hesabu kali, ina mwaka wake peke yake. Watu wengi huijumlisha na nyingine siku hiyo hiyo ili kurahisisha, na sehemu ambayo muda wake haujafika huwa imelipwa mapema.

Kuigawa kwa miezi 12

Shilingi 200,000 kwa mpigo zinaweza kuliacha duka bila mtaji wa wiki. Zikigawiwa kwa miezi 12, ni kama shilingi 17,000 kwa mwezi, na hapo zaka inaingia katika bajeti kama ada ya shule. Kuna njia mbili, na kila moja ina sharti lake.

Njia ya kwanza ni kutenga. Shilingi 17,000 zinaingia kwenye bahasha au akaunti ya pembeni mpaka siku ya zaka. Sharti lake ni kukumbuka kwamba fedha hiyo bado ni yako mpaka imfikie mstahiki, kwa hiyo nayo huhesabiwa katika mali siku ya hesabu.

Njia ya pili ni kuitoa zaka ya mwaka ujao kidogo kidogo kabla haijafika. Wanazuoni wengi, wa Shafi wakiwemo, wanaruhusu kuitanguliza ikiwa mali tayari imefikia nisabu. Wamaliki hawaruhusu ila kwa muda mfupi. Njia hii inamfaa mstahiki anayehitaji unga kila mwezi. Sharti lake ni nia. Kila unapotoa, moyoni ujue kuwa hii ni zaka, na uandike kwenye daftari. Mwisho wa mwaka unapiga hesabu kamili na kulipia kilichopungua.

Nia ndiyo inayovunja hesabu za wengi. Mtu hutoa mwaka mzima, mara kwa ombaomba, mara kwa harusi ya binamu, na siku ya zaka anakusanya yote hayo akisema ameshalipa. Haiwezekani. Kilichotolewa bila nia ya zaka hakigeuki zaka baadaye. Vilevile kumsamehe mdaiwa na kuliita deni hilo zaka hakukubaliki kwa wanazuoni wengi, wa Shafi wakiwemo. Ukimtumia mstahiki zaka kwa simu, gharama ya kutuma na ya kutoa iongeze wewe, ili kiasi ulichokusudia kimfikie chote.

Zaka ina watu wake. Sura ya Tawba, aya ya 60, imetaja mafungu manane, wakiwemo mafukara, maskini, wenye madeni na msafiri aliyekwama. Ujenzi wa msikiti kwa wanazuoni walio wengi haumo, na harusi haimo. Baba, mama, watoto na mke nao hawapewi zaka yako, kwa kuwa matunzo yao tayari yako juu yako. Lakini kaka, dada, shangazi au mjomba ambaye ni maskini na humtunzi kwa lazima anaweza kupewa, na kumpa yeye hukusanya zaka na kuunga udugu. Kwa nyumba yetu ya Tanga hili ni nafuu kubwa: yule shangazi mgonjwa na mjane anaweza kupata sehemu ya zile 200,000, badala ya kutafutiwa fedha nyingine.

Ipo pia zaka ya fitri, ambayo kila mwaka huwakuta watu kama vile haikutarajiwa. Ni pishi moja ya chakula cha kawaida kwa kila mtu wa nyumba, yaani vibaba vinne, kati ya kilo 2.5 na 3, na itolewe kabla ya sala ya Idi. Nyumba ya watu sita ikitumia kilo 3 kwa kila mmoja inahitaji kilo 18 za mchele. Kwa bei ya shilingi 2,800 kwa kilo ni shilingi 50,400. Ukitenga kama 5,000 kwa mwezi, Idi haikuti unakopa.

Fungu la kumi la faida, si la mauzo

Fungu la kumi lina hesabu tofauti: hutazama kinachoingia, si kinachokaa. Kwa hiyo hukatwa kila kipato kinapopatikana na halisubiri mwaka. Waadventista na makanisa mengi ya Kipentekoste hulifundisha kama sehemu kamili ya kumi. Kanisa Katoliki humtaka muumini achangie mahitaji ya Kanisa bila kumwekea wote asilimia 10. Kila mtu na aanze kwa kuuliza kanisa lake linafundisha nini hasa, kwa maana wengi wanajilaumu kwa kiwango ambacho kanisa lao halijawahi kuwawekea.

Hatari kubwa ni kwa mfanyabiashara mdogo. Tuseme mama lishe wa Moshi anauza chakula cha shilingi 90,000 kwa siku. Mchele, mafuta, nyama, mkaa, na ujira wa binti anayemsaidia vinachukua 72,000, na faida ni 18,000. Akikata sehemu ya kumi ya mauzo anatoa 9,000, nusu nzima ya faida yake. Baada ya wiki chache anashindwa kununua mchele kwa gunia, ananunua kwa kilo kwa bei ya juu, na biashara inakonda bila yeye kuelewa kwa nini. Fungu lake ni shilingi 1,800. Torati katika Kumbukumbu 14 inazungumzia mazao ya mbegu iliyopandwa, yaani ongezeko la shamba, na kwa muuzaji ongezeko ni faida. Ili aijue, lazima aandike manunuzi yake kila jioni. Bila daftari, fungu la kumi la biashara ni kubahatisha.

Kwa mwajiriwa, swali ni kama akate kabla ya kodi na michango ya hifadhi ya jamii au baada yake. Wapo wanaofanya hivi na wanaofanya vile kwa dhamiri safi. La msingi ni kuwa na utaratibu mmoja. Aliyetoa kwa mshahara kamili tayari ametolea ile michango yake ya hifadhi ya jamii, hivyo siku ya kupokea mafao hana haja ya kuitolea tena. Aliyetoa kwa kilichofika mkononi atayatolea mafao yatakapokuja.

Kisha kuna bahasha za ahadi, sadaka ya mavuno, na mnada wa ndizi na kuku baada ya ibada, ambapo mkungu mmoja hupandishwa bei kwa furaha mpaka mara tatu ya bei ya soko. Hivi vyote ni juu ya fungu la kumi na havina lazima inayofanana nalo. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho waraka wa pili, alieleza kwamba kutoa hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, na kwamba hakukusudia wengine wapate nafuu ilhali mtoaji anaelemewa. Anayeingia mnadani na apange mapema anaondoka na shilingi ngapi mfukoni.

Mama mzazi hayumo kwenye fungu la sadaka

Matunzo ya wazazi yanastahili mstari wake katika bajeti, juu kabisa, karibu na kodi ya nyumba. Tumeona kwamba zaka haiwezi kuyalipia. Kwa upande wa Wakristo, Injili ya Marko sura ya 7 inaeleza jinsi Yesu alivyowakemea waliotangaza mali yao kuwa wakfu kwa Mungu ili wasiwasaidie wazazi wao. Kwa hiyo mtu anayepeleka fedha ya dawa za mama yake kwenye bahasha ya jengo hajaongeza ibada. Amehamisha wajibu mmoja kulipia jambo la hiari.

Nyumba yetu ya Tanga humtumia mama mzazi 60,000 kila mwezi. Baada ya hapo, na baada ya kodi, chakula, shule, usafiri, umeme, matibabu na marejesho ya mkopo, hubaki shilingi 200,000. Wanazigawa hivi: akiba 80,000, michango 70,000, sadaka 28,000, zaka 17,000 na fitri 5,000. Sadaka inakuwa kama 7,000 kila Ijumaa, na kwa fungu hilo mke hutoa bila kupiga mahesabu mapya kila anapoona mkono umenyooshwa.

Michango na kikomo chake

Zile 70,000 ndizo zinazoshambuliwa zaidi, na ndizo zinazohitaji kanuni. Ya kwanza ni utaratibu wa nani aanze. Msiba na ugonjwa hutangulia, kwa sababu havisubiri wala havipangwi. Harusi, kipaimara na sherehe ya kumuaga bibi harusi vinafuata kwa kadiri ya ukaribu. Fungu lisipotumika mwezi huu, linasogea mwezi ujao na halirudi kwenye matumizi, maana Desemba na miezi ya harusi itakuja.

Ya pili ni kuhusu ahadi. Kiasi kilichotamkwa kwenye kikao cha kamati ni deni, na kiandikwe kama deni siku ile ile. Wengi huahidi 200,000 kwa kuwa aliyetangulia ametaja 150,000. Mume na mke wakubaliane kwamba hakuna ahadi inayozidi kiasi fulani, tuseme 30,000, bila kushauriana nyumbani. Kusema kikaoni kwamba jibu utalileta kesho si aibu.

Ya tatu ni namna ya kukataa. Sura ya Israa, aya ya 28, inamwelekeza asiye na cha kutoa amjibu mwombaji kwa maneno ya upole, kisha aya inayofuata inakataza uchoyo na kutoa mpaka ubaki mtupu. Jibu zuri lina ukweli, na lina tarehe pale tarehe ilipo: «Shikamoo mjomba. Nimeliona ombi lako. Mwezi huu fungu letu limekwenda kwenye msiba wa Pangani. Tarehe 26 nitakuletea 20,000. Zaidi ya hapo sitaweza, mjomba wangu.» Mjomba anajua asubiri nini na kiasi gani, na hakuna aliyedanganywa kwamba simu ilikuwa haina chaji.

Pale mambo yanapokwenda mrama

Dalili za kuzidisha zinaonekana mapema. Unakopa kwenye simu ili utoe. Ada ya mtoto inachelewa lakini bahasha ya Jumapili haichelewi. Mwenzako hajui umetoa nini. Ahadi ya Machi inalipwa Juni. Dalili ya kupunguza nayo ipo: miaka miwili imepita bila duka kuhesabiwa, na kila ukiulizwa siku yako ya zaka unataja Ramadhani kwa jumla bila tarehe.

Kipato kikishuka, vitu havipungui vyote kwa pamoja. Fungu la kumi hushuka lenyewe pamoja na kipato, na zaka ya mwaka unaofuata hushuka pamoja na mali, hata kukoma kabisa mali ikiwa chini ya nisabu. Huna haja ya kuomba msamaha kwa hilo. Sheria yenyewe imekuondolea. Kinachopunguzwa kwa uamuzi wako ni michango ya sherehe kwanza, kisha sadaka ya fedha. Zaka ambayo tayari imeshakuwa wajibu haipunguzwi, hata kama duka limefungwa mwezi uliofuata.

Kwa sababu hiyo daftari la utoaji liwe wazi kwa wote wawili nyumbani: siku ya zaka, kiasi kinachodaiwa, kilicholipwa na kwa nani, na ahadi zilizobaki. Kwa mujibu wa Shafi, zaka iliyokuwa wajibu na haikulipwa hutolewa katika mali ya marehemu kabla warithi hawajagawana. Mjane na watoto wanaokuta ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri wanajua la kufanya. Wasiokuta kitu hubaki wakibishana juu ya deni ambalo huenda lilishalipwa zamani.